Chati mtiririko inayouliza maswali ya bure: dalili, chanzo na marekebisho

Jedwali la maamuzi likiwa sahihi, chati mtiririko iliyotokana nalo huwa sahihi pia, na hapo ndipo watu wengi huishia. Chati inatoa jibu linalotakiwa, kwa hiyo wanaipitisha. Kumbe inamuuliza mtumiaji, au mashine, maswali ambayo majibu yake hayabadilishi chochote. Kila swali la bure ni kitambuzi kinachosomwa bila sababu, ni tawi la kujaribiwa bila sababu, na ni mahali ambapo fundi atakayekuja baadaye atakosea kurekebisha.

Nitatumia jedwali moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni la kidhibiti cha pampu inayovuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi. N ni ndiyo, H ni hapana, na kistari maana yake ni kwamba jibu la sharti hilo halina uzito katika kanuni hiyo.

```
                        1  2  3  4  5
Kisima kina maji?       -  -  -  N  H
Tangi limejaa?          -  -  N  H  H
Swichi ni otomatiki?    -  H  N  N  N
Mota ina joto kali?     N  H  H  H  H
-------------------------------------
Washa pampu             .  .  .  X  .
Zima pampu              X  X  X  .  X
Piga king'ora           X  .  .  .  X
```

Kila safu wima ni kanuni moja. Masharti ni manne, kwa hiyo hali zinazoweza kutokea ni 16. Niliwahi kuletewa chati ya jedwali la aina hii yenye almasi 15, yaani visanduku 15 vya maswali, imechorwa kwa usafi wa hali ya juu, kila mshale umenyooka. Kazi hiyohiyo inafanywa na almasi nne. Tuone hizo kumi na moja zilitoka wapi, maana hazikutoka mahali pamoja.

Dalili: mikono miwili ya almasi inaishia kwenye matokeo yaleyale

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote, lakini ina sura mbili. Sura ya kwanza unaiona mara moja: mshale wa ndiyo na mshale wa hapana vyote vinaingia kwenye kisanduku kimoja. Katika chati ile ya almasi 15, mchoraji alifuata mistari ya jedwali kutoka juu kwenda chini: kisima, tangi, swichi, mota. Fuata njia ya kisima kikavu, tangi halijajaa, swichi iko otomatiki. Hapo chati inauliza kama mota ina joto kali. Ikiwa ndiyo, zima na piga king'ora. Ikiwa hapana, zima na piga king'ora. Swali hilo ondoa, weka tendo mahali pake.

Sura ya pili hujificha. Mikono miwili haiingii kwenye kisanduku kimoja, ila kila mkono una kitawi chake, na vitawi hivyo ni pacha. Fuata njia ya kisima kina maji, tangi limejaa. Chati inauliza kuhusu swichi. Upande wa ndiyo kuna swali la mota: joto likiwa kali ni king'ora, lisipokuwa kali ni kuzima kimya. Upande wa hapana kuna swali lingine la mota, na majibu ni yaleyale neno kwa neno. Swali la swichi halijaamua kitu. Limezaa nakala mbili za swali moja. Ondoa swichi, bakiza nakala moja ya mota.

Anza chini kabisa ya chati, panda kwenda juu. Ukianza juu utaona matawi mawili makubwa yanayoonekana tofauti, utayaacha, kumbe tofauti yenyewe ingetoweka baada ya kusafisha chini. Katika mfano wetu usafi huu unaondoa almasi moja ya mota kule kwenye kisima kikavu, halafu almasi mbili (swichi moja na mota moja) kila mahali tangi linapokuwa limejaa, yaani mara mbili. Jumla ni tano. Kutoka 15 tumebaki na 10.

Usafi huu unakwamishwa na jambo moja dogo la maneno. Mahali pamoja mtu kaandika “zima pampu”, kwingine kaandika “iache pampu imezimwa”, kwingine “usiwashe”. Macho yanaona matokeo matatu, na vitawi pacha havitambuliki tena. Kabla ya kulinganisha chochote, orodhesha matendo yote na ulipe kila moja jina moja tu. Ila kama tofauti ni ya kweli, kwa mfano moja linaandika kumbukumbu ya hitilafu na jingine haliandiki, basi hayo ni matendo mawili na swali linalotenganisha si la bure.

Dalili: hakuna almasi ya kuondoa, lakini bado maswali ni mengi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa au hudhani wamemaliza. Chati yetu ya almasi 10 haina swali la bure kwa kipimo cha hapo juu. Chukua almasi yoyote, utapata hali mbili zinazofika hapo, zinazotofautiana kwa sharti hilo moja tu, na zenye matendo tofauti. Kila almasi ina sababu ya kuwepo. Hata hivyo, mota ikiwa inaungua, chati inaanza kwa kuuliza kuhusu kisima, halafu tangi, na wakati mwingine swichi, ndipo inafika kwenye mota. Kanuni ya 1 inahitaji jibu moja. Kila mara chati inadai matatu au manne.

Chanzo ni mpangilio. Swali la kisima ni la lazima kwa kanuni mbili tu, ya 4 na ya 5, na kanuni hizo zinafunika hali mbili kati ya 16. Kuliweka juu kabisa ni kulilipisha kila mpitaji deni la wachache. Kosa hili halitibiki kwa kufuta almasi moja moja. Lazima uichore chati upya ukianza na swali jingine.

Uanze na lipi? Rudi kwenye jedwali uhesabu vistari vya kila mstari, lakini usivihesabu kwa idadi, vihesabu kwa uzito. Kanuni ya 1 ina vistari vitatu, kwa hiyo inafunika hali 8. Kanuni ya 2 ina viwili, inafunika 4. Ya 3 inafunika 2, ya 4 na ya 5 inafunika moja moja. Kistari kilicho kwenye kanuni ya 1 kina uzito wa 8, kwa sababu ukiuliza swali hilo mapema utakuwa umeziuliza bure hali 8.

Mstari wa kisima una vistari kwenye kanuni 1, 2 na 3: 8 + 4 + 2, jumla 14. Tangi: 8 + 4, jumla 12. Swichi: 8. Mota: sifuri. Anza na mota. Mkono wa ndiyo umekwisha hapohapo, ni kanuni ya 1. Mkono wa hapana umebaki na kanuni 2 hadi 5. Hesabu tena kwa kanuni hizo tu: kisima 6, tangi 4, swichi sifuri. Uliza swichi. Kisha tangi, kisha kisima.

```
Mota ina joto kali?
  N: zima, piga king'ora
  H: Swichi ni otomatiki?
       H: zima
       N: Tangi limejaa?
            N: zima
            H: Kisima kina maji?
                 N: washa
                 H: zima, piga king'ora
```

Almasi nne. Ukichukulia kwamba hali zote 16 zinatokea kwa usawa, chati ya almasi 15 inauliza maswali manne kila mara, ile ya 10 inauliza wastani wa 3.375, na hii inauliza 1.875. Njia hii ya kuchagua mstari wenye uzito mdogo wa vistari ni ya zamani; Solomon Pollack aliieleza mwaka 1965, wakati majedwali ya maamuzi yalikuwa yanageuzwa kuwa programu za kompyuta kwa wingi. Ni njia nzuri ya mkono, lakini haina hakikisho la kukupa chati fupi kuliko zote. Laurent Hyafil na Ronald Rivest walionyesha mwaka 1976 kwamba kutafuta mti bora wa maamuzi ni tatizo la kundi gumu, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulimaliza kwa kila jedwali. Kwa masharti manne au matano hilo lisikusumbue: jaribu mianzo miwili mitatu kwenye karatasi, linganisha.

Kuna jambo moja kuhusu mstari usio na kistari. Wengi hufundishwa kwamba swali la mstari huo lazima liulizwe kwenye kila njia. Ni dira nzuri, si sheria. Tumeona kwenye chati ya almasi 10 kwamba njia ya kisima kikavu, tangi lisilojaa na swichi otomatiki haihitaji kuuliza mota, kwa kuwa kanuni ya 1 na ya 5 zina matendo yaleyale. Mota haikuwa na kistari kwenye kanuni ya 5 kwa sababu tu jedwali liliandikwa kanuni zisigongane.

Dalili: chati ina almasi chache, lakini kidhibiti kinafanya kazi kubwa kuliko ulivyotarajia

Wastani wa 1.875 ulitokana na kudhani kwamba hali zote zina nafasi sawa. Pampu haiishi hivyo. Mota hupata joto kali kwa nadra, na swichi karibu siku zote iko otomatiki. Tuseme katika kila mizunguko 100 ya kidhibiti, tangi limejaa mara 70, na haya mengine mawili ni nadra kiasi kwamba tunaweza kuyaacha nje ya hesabu. Kwenye chati ya almasi nne, tangi likiwa limejaa tunauliza mota, swichi, tangi: maswali matatu. Lisipokuwa limejaa tunauliza manne. Wastani ni 0.7 × 3 + 0.3 × 4, yaani 3.3.

Sasa anza na tangi:

```
Tangi limejaa?
  N: Mota ina joto kali?
       N: zima, piga king'ora
       H: zima
  H: Mota ina joto kali?
       N: zima, piga king'ora
       H: Swichi ni otomatiki?
            H: zima
            N: Kisima kina maji?
                 N: washa
                 H: zima, piga king'ora
```

Almasi zimekuwa tano, lakini tangi likiwa limejaa tunauliza mawili tu, na lisipojaa manne. Wastani ni 0.7 × 2 + 0.3 × 4, yaani 2.6. Chati imeongezeka almasi moja, na kidhibiti kimepunguziwa kazi. Kwa hiyo amua kwanza unapunguza nini: maswali yanayoulizwa kila mara, au almasi zilizo kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, chati itakayosomwa na mtu ukutani ipunguziwe almasi. Ile itakayoendeshwa na mashine ipimwe kwa hali zinazotokea kweli, na uzito wa vistari uhesabiwe kwa idadi ya matukio badala ya 8, 4, 2, 1.

Kuna mkaguzi atakayeiona chati hii na kusema swali la mota limerudiwa. Halijarudiwa. Liko kwenye mikono miwili tofauti, na hakuna safari moja inayopita kwenye yote mawili. Swali la bure hupimwa kwenye njia, halipimwi kwenye karatasi nzima.

Dalili: swali lililokwisha kujibiwa linarudi

Hili sasa ndilo kurudia kwa kweli, na mara nyingi huletwa na nia njema ya kupunguza almasi. Mtu anaitazama chati ya hapo juu, anaona “Mota ina joto kali?” mara mbili, anaziunganisha kuwa almasi moja na kuielekezea mishale yote miwili. Baada ya mota, chati haijui tena imetokea upande gani. Ikifika kwenye swichi inabidi iulize tena kama tangi limejaa, ili ijue kama ni lazima kutazama kisima. Safari moja imeuliza tangi mara mbili. Kwenye mashine ni mbaya zaidi, maana kati ya swali la kwanza na la pili boya la tangi linaweza kuwa limepanda, na chati ikapata majibu mawili yanayopingana ndani ya mzunguko mmoja.

Kuunganisha kunaruhusiwa pale tu ambapo yote yanayofuata chini ya almasi mbili ni yaleyale kabisa. Chukua mfano wa vitambuzi vitatu vya moto, A, B na C, ambapo king'ora hulia angalau viwili vikisema ndiyo. Uliza A, kisha B. Vikikubaliana, umemaliza. Vikitofautiana, C ndiyo inayoamua, iwe A ndiyo iliyosema ndiyo au ni B. Almasi mbili za C ni pacha, ziunganishe, chati ibaki na nne badala ya tano. Hakuna safari iliyokuwa imekwisha kuuliza C.

Mfano huohuo unajibu lalamiko jingine. Kanuni moja ya jedwali hilo inasema B na C zikisema ndiyo, A haina uzito, ina kistari. Lakini chati imeuliza A. Je, ni swali la bure? Si la bure. Wakati A inaulizwa, hatujui bado B na C zitasema nini. Kwa jedwali hili, ambapo kila jozi ya vitambuzi ina kanuni yake, kila mwanzo utaangukia kwenye kistari cha kanuni fulani, kwa hiyo usipoteze siku ukitafuta mwanzo usiogusa kistari.

Dalili: watu wawili wametoa chati zinazopingana kutoka jedwali moja

Usiikague chati, likague jedwali. Tuseme mtu alirahisisha kanuni ya 3 kwa kuandika “tangi limejaa” na kuweka kistari kwingine kote, akifikiri kwamba tangi likijaa ni kuzima tu. Hesabu hali: 8 + 4 + 8 + 1 + 1 ni 22, na zipo 16 tu. Zimezidi sita. Mbili kati ya hizo zinagongana na kanuni ya 2, ambayo nayo inazima, kwa hiyo hazina madhara. Nne zinagongana na kanuni ya 1: tangi limejaa na mota ina joto kali. Aliyeanza na tangi atazima kimya. Aliyeanza na mota atapiga king'ora. Wote wawili wamelifuata jedwali.

Jumla ikizidi, kuna kanuni zinazogongana. Ikipungua, kuna hali isiyo na kanuni. Ila ikilingana usiridhike haraka, kwani mgongano mmoja na pengo moja vinaweza kufutana. Ili kuwa na hakika, andika hali zote 16 na kando ya kila moja namba za kanuni zinazoifunika. Kila hali iwe na namba moja. Ni kazi ya dakika chache. Kama jedwali lilikusudiwa kusomwa kuanzia kushoto na kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshinda, hilo liandikwe juu ya jedwali, la sivyo mchoraji hana namna ya kulijua.

Dalili: swali ambalo jibu lake tayari linajulikana kwa maumbile ya kitu chenyewe

Tangi lenye maboya mawili, la juu na la chini. Chati inauliza boya la chini, linajibu kwamba maji hayajalifikia, halafu inauliza boya la juu. Maji yasiyofika chini hayawezi kuwa yamefika juu. Kipimo cha kulinganisha vitawi hakitakamata kosa hili, kwa sababu jedwali limeipa hali hiyo tendo fulani, na tendo hilo ni tofauti na la jirani yake.

Chanzo ni kwamba mwandishi hakuwa na alama ya “haiwezi kutokea”, akajaza kitu chochote au akatumia kistari. Kistari hakifai hapa. Kistari kinasema hali inatokea ila sharti hilo halina uzito. Tumia alama tofauti, kwa mfano `#`, sehemu ya matendo kwa hali zisizowezekana. Unapolinganisha vitawi, `#` inalingana na tendo lolote, na swali la boya la juu litajiondoa lenyewe.

Kabla ya kuweka `#`, jiulize unachosema hakiwezekani ni maji au ni kitambuzi. Maji hayawezi kuwa juu bila kupita chini. Boya, hata hivyo, linaweza kukwama kwa kutu, au waya wake ukakatika, na kidhibiti kikasoma “juu ndiyo, chini hapana”. Kusoma hivyo kunawezekana kabisa, na ndiko kunakokijulisha kidhibiti kwamba boya limeharibika. Ukiiandika `#`, chati itaondoa swali la boya la juu, itaona tangi tupu, itawasha pampu, na maji yatamwagika huku boya la juu likisema ukweli. Hali hiyo ipe kanuni yake ya kuzima na kupiga king'ora, na swali la boya la juu libaki mahali pake.